Msingi Unaweza Kusubiri: Jinsi ya Kuipata Njia Nyeti Kwenye Kitini cha Miradi

Tuchukue mfano wa darasa moja la shule linalotaka kujengwa. Fundi seremala ameomba siku 25 za kutengeneza madawati. Fundi wa kuchomelea ameomba siku 20 za kutengeneza milango na madirisha ya chuma. Mpaka rangi amesema siku 4 zinamtosha. Je, kati ya hawa watatu, ni nani ambaye akichelewa siku moja tu, darasa zima litachelewa kukabidhiwa?

Wengi watamtaja seremala, kwa kuwa kazi yake ndiyo ndefu kuliko zote. Lakini ukiupanga mradi huu vizuri utakuta kwamba seremala anaweza kuchelewa siku 18 na darasa likakabidhiwa siku ile ile iliyopangwa. Fundi wa kuchomelea naye ana siku 14 za kuvuta pumzi. Mpaka rangi, mwenye kazi ya siku 4, hana hata siku moja ya kupoteza.

Vitini vya usimamizi wa miradi vinavyogawiwa vyuoni vina ukurasa unaohusu jambo hili hili. Kunakuwa na mchoro wa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, kila kisanduku kina herufi ya shughuli na idadi ya siku zake, na chini yake kuna agizo fupi: tafuta njia nyeti. Wanafunzi hukariri hatua, wakapata jibu, wakasahau siku ya pili. Hilo linasikitisha, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu, na anayeielewa anaweza kuitumia kwenye ujenzi wa kweli, penye saruji ya kweli na fedha za wananchi. Ndiyo maana nimechagua darasa badala ya herufi tupu. Siku nilizoweka ni za mfano, lakini mpangilio wa kazi ni ule ambao kamati nyingi za ujenzi zitautambua.

| Shughuli | Kazi yenyewe | Siku | Inasubiri |
|---|---|---|---|
| A | Kusafisha kiwanja na kuweka alama za msingi | 2 | – |
| B | Kuchimba na kujenga msingi wa mawe | 7 | A |
| C | Kufyatua matofali ya saruji na kuyamwagilia hadi yakomae | 14 | A |
| D | Kujenga kuta | 8 | B, C |
| E | Kutengeneza milango na madirisha | 20 | A |
| F | Kupaua na kuezeka | 6 | D |
| G | Kupiga lipu na kumalizia sakafu | 9 | F |
| H | Kufunga milango na madirisha | 3 | E, F |
| I | Kupaka rangi | 4 | G, H |
| J | Kutengeneza madawati | 25 | – |
| K | Kupanga madawati na kukabidhi darasa | 1 | I, J |

Safu ya mwisho ndiyo inayozaa mchoro. Kila herufi iliyoandikwa humo ni mshale unaotoka kwenye shughuli iliyotangulia kuja kwenye shughuli inayosubiri. Kuta, yaani D, zinaingiwa na mishale miwili, mmoja kutoka kwenye msingi na mwingine kutoka kwenye matofali, kwa kuwa huwezi kupandisha ukuta bila msingi wala bila tofali. Kutoka A inatoka mishale mitatu, kwa kuwa kiwanja kikishawekwa alama na vipimo vikishajulikana, wachimbaji, wafyatuaji na fundi wa kuchomelea wote wanaweza kuanza asubuhi moja. Anayekosea safu hii hataokolewa na hesabu yoyote itakayofuata. Akisahau kwamba H inasubiri F, mchoro wake utafunga madirisha kwenye jengo lisilo na paa, na majibu yatatoka safi kabisa, bila dalili yoyote ya kosa.

Njia, kwa maana ya mchoro huu, ni mfuatano wowote wa mishale kutoka mwanzo hadi mwisho. Mradi wetu una njia sita. Fupi kuliko zote ni ile ya J kisha K, siku 26. Ya madirisha, yaani A, E, H, I, K, ina siku 30. Zipo mbili zinazopitia msingi, za siku 31 na 37, na mbili zinazopitia matofali, za siku 38 na 44. Njia ndefu kuliko zote ndiyo njia nyeti, nayo ni A, C, D, F, G, I, K: 2 na 14 na 8 na 6 na 9 na 4 na 1, jumla siku 44. Mradi hauwezi kwisha kabla ya siku 44, kwa sababu kazi hizo saba lazima zifuatane, na hata kama kila kitu kingine kingekwisha leo, hizo bado zingekula siku zake.

Kwenye mchoro mdogo, kuorodhesha njia zote na kujumlisha kunatosha. Tatizo ni kwamba njia huongezeka haraka kuliko shughuli. Mtihani wenye shughuli kumi na tano unaweza kuficha njia nyingi, na mwanafunzi akiruka moja tu, huenda ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Tena orodha ya njia haikuambii kila kazi ina nafasi kiasi gani ya kuchelewa, na hilo ndilo msimamizi anataka kujua anapopigiwa simu kwamba lori la mchanga limeharibika. Kwa hiyo kitini kinafundisha njia nyingine: kuupitia mchoro mara mbili, mara ya kwanza kwenda mbele, mara ya pili kurudi nyuma.

Tuanze na kwenda mbele. Kwa kila shughuli tunatafuta siku ya mapema kabisa inayoweza kuanza na siku ya mapema kabisa inayoweza kwisha. Vitini vingi huziandika kwa herufi ES na EF, na kanuni ni hii:

```
EF = ES + siku za shughuli
```

Tunaanza na sifuri. A inaanza 0, inakwisha 2. B inaanza 2, inakwisha 9. C inaanza 2, inakwisha 16. E inaanza 2, inakwisha 22. J haisubiri mtu, inaanza 0 na kwisha 25.

Sasa tumefika D, yenye mishale miwili inayoingia. Msingi umekwisha siku ya 9, matofali yamekomaa siku ya 16. Kuta zinaanza lini? Siku ya 16. Kwenye makutano ya kwenda mbele tunachukua namba kubwa daima, kama kundi la wasafiri waliokubaliana kuondoka pamoja: safari inaanza anapofika aliyechelewa zaidi. Hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotea. Mwanafunzi anachukua 9 kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwanza, au kwa kuwa msingi unaonekana ndio unaobeba kuta, na tangu hapo kila namba inayofuata inakuwa pungufu kwa siku saba.

Tukiendelea, D inakwisha 24. F inaanza 24 na kwisha 30. G inaanza 30 na kwisha 39. H inasubiri madirisha yaliyokwisha siku ya 22 na paa lililokwisha siku ya 30, kwa hiyo inaanza 30 na kwisha 33. I inasubiri lipu ya siku ya 39 na madirisha yaliyofungwa siku ya 33, inaanza 39 na kwisha 43. K inasubiri rangi ya siku ya 43 na madawati ya siku ya 25, inaanza 43 na kwisha 44. Tumepata tena siku 44, safari hii bila kuorodhesha njia hata moja.

Sasa turudi nyuma. Swali linageuka: ikiwa mradi lazima uishe siku ya 44, kila shughuli inaweza kuchelewa kwisha hadi lini bila kuharibu tarehe hiyo? Siku hiyo ya mwisho kabisa ya kumaliza huandikwa LF, na siku ya mwisho kabisa ya kuanza huandikwa LS.

```
LS = LF - siku za shughuli
```

K lazima iishe 44, kwa hiyo lazima ianze 43. Rangi lazima iishe kabla K haijaanza, yaani 43, basi lazima ianze 39. Madawati nayo yanatakiwa yawe tayari siku ya 43, na kwa kuwa yanachukua siku 25, seremala anaweza kushika randa siku ya 18 na bado akawahi. Lipu lazima iishe 39 na ianze 30. Kufunga madirisha lazima kuishe 39 na kuanze 36. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea ana hadi siku ya 36 kuleta mzigo wake, na anaweza kuanza kazi siku ya 16.

Paa, yaani F, ndilo makutano ya kurudi nyuma. Mbele yake kuna lipu inayotaka kuanza si zaidi ya siku ya 30, na kufunga madirisha kunakoweza kusubiri hadi siku ya 36. Hapa tunachukua namba ndogo, 30, kwa sababu anayewahi kuhitaji paa ndiye anayeamua. Kwenda mbele ni kubwa, kurudi nyuma ni ndogo. F basi lazima ianze 24, D lazima ianze 16, C lazima iishe 16 na ianze 2. B nayo ina ruhusa ya kwisha siku ya 16, kwa hiyo inaweza kuanza siku ya 9. A ina mishale mitatu inayotoka: msingi unaoweza kungoja hadi siku ya 9, matofali yasiyoweza kupita siku ya 2, na madirisha yanayoweza kungoja hadi siku ya 16. Ndogo kuliko zote ni 2, kwa hiyo A lazima iishe siku ya 2 na ianze siku ya 0.

Kurudi kwenye sifuri ndilo jaribio la kwanza la kujua kama hesabu yako ni sahihi. Ukianza mbele na 0, ukafika mwisho, ukarudi, na shughuli ya kwanza ya njia nyeti ikakupa namba nyingine, kuna makutano ulikochukua kubwa badala ya ndogo au ndogo badala ya kubwa.

Tofauti kati ya kuanza mapema na kuanza mwisho inaitwa hapa mwanya, yaani siku ambazo shughuli inaweza kuchelewa bila mradi kuchelewa.

```
Mwanya = LS - ES
```

Mwanya wa madawati ni 18. Wa kutengeneza madirisha ni 14. Wa msingi ni 7. Wa kufunga madirisha ni 6. Nyingine zote, A, C, D, F, G, I na K, mwanya wake ni sifuri, na ukizifuata zinaunda mstari mmoja usiokatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio ushahidi wa pili kwamba hujakosea. Njia nyeti haikatiki katikati. Ukipata shughuli zenye mwanya wa sifuri zilizotawanyika, ambazo huwezi kutoka moja kwenda nyingine kwa mshale, rudi ukatafute kosa. Na kama LF ukitoa EF haikupi mwanya ule ule uliopata kwa LS ukitoa ES, kosa liko kwenye kisanduku hicho hicho.

Tazama sasa mwanya wa msingi. Kwenye kiwanja, msingi ndio unaoonekana. Vumbi linatimka, vibarua wanachimba, mawe yanashushwa, na mjumbe wa kamati akipita njiani anaona maendeleo. Matofali yaliyopangwa kwenye kivuli, yakimwagiliwa maji asubuhi na jioni, yanaonekana kama kazi iliyosimama. Mchoro unasema kinyume. Msingi unaweza kuanza wiki nzima baadaye na darasa likakabidhiwa siku ile ile, lakini saruji ya kufyatulia matofali ikichelewa siku tatu kufika, darasa limechelewa siku tatu, hata kama msingi uko tayari na unang'aa. Kamati inayolipa vibarua wa msingi posho ya usiku ili wamalize kwa siku nne badala ya saba imetumia fedha na haikununua hata siku moja. Msingi utakaa pale ukiyasubiri matofali.

Hili ndilo jambo lililowasukuma waanzilishi wa mbinu hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani ilikuwa ikijenga na kukarabati viwanda, na kazi ikichelewa, desturi ilikuwa kuongeza nguvu kila mahali kwa pamoja. Mhandisi wa kampuni hiyo, Morgan Walker, alishirikiana na mtaalamu wa hesabu James Kelley wa Remington Rand, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta za Univac, kutafuta ni shughuli zipi hasa zinazofaa kuongezewa fedha. Mwaka 1959 walieleza matokeo yao mbele ya wataalamu wa kompyuta. Kwenye kiwanda cha Louisville, Kentucky, muda wa kusimamisha mitambo kwa ajili ya matengenezo ulishuka kutoka saa 125 hadi saa 93. Mbinu yao ikajulikana kwa herufi CPM. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa limeunda mbinu ya kufanana nayo, PERT, kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris, na hiyo huitumia kazi ambazo muda wake haujulikani kwa uhakika. Njia ya kuiandika shughuli ndani ya alama badala ya juu ya mshale na kufanya hesabu kwa mkono bila kompyuta ilielezwa mwaka 1961 na John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mchoro wa kitini chako, ukiwa na visanduku, unafuata nyayo zake.

Vitini vingine bado vinatumia mtindo wa zamani, ambako shughuli ni mshale wenyewe na miduara yenye namba ni matukio. Humo utakuta pia mishale ya nukta nukta yenye siku 0. Usiifute kwa kudhani haina kazi. Inaonyesha kwamba kitu fulani lazima kisubiri kingine ingawa hakuna kazi inayofanyika kati yao, na njia nyeti inaweza kupita juu yake.

Turudi kwenye darasa letu, kwa sababu sasa tunaweza kufanya uamuzi. Mwalimu mkuu anataka darasa lifunguliwe mapema. Tumejua pa kugusa: matofali. Tuseme kamati inaacha kufyatua yenyewe na kununua matofali yaliyokwisha komaa, na kuyaleta kunachukua siku 3 badala ya 14. Imeokoa siku 11. Je, mradi utakwisha siku ya 33?

Hautakwisha siku hiyo. C sasa inakwisha siku ya 5, lakini kuta bado zinausubiri msingi unaokwisha siku ya 9. D inaanza 9 badala ya 16, na mradi unakwisha siku ya 37. Tumelipia siku 11, tumepata 7. Siku 4 zilizobaki zimegeuka kuwa mwanya wa matofali, na msingi, ambao jana ulikuwa na mwanya wa siku 7, leo uko kwenye njia nyeti. Posho ya usiku ya vibarua wa msingi, ambayo mwanzo ilikuwa fedha iliyopotea, sasa ina maana. Kama msingi ungemalizika kwa siku 3, ungekwisha siku ya 5 pamoja na matofali, mradi ungekwisha siku ya 33, na njia nyeti zingekuwa mbili kwa pamoja. Swali la mtihani linaposema taja njia nyeti, usiishie kwenye ya kwanza uliyoiona. Zikiwa mbili, ziandike zote mbili, na ujue kwamba kuanzia hapo kufupisha moja peke yake hakutaleta kitu.

Kwa sababu hiyo nashauri kufupisha hatua kwa hatua na kupiga hesabu upya kila mara. Kabla ya kununua siku yoyote, angalia njia inayofuata kwa urefu. Yetu ilikuwa ya siku 38, ile inayopitia matofali kisha madirisha, lakini nayo ilifupika pamoja na matofali. Iliyotuzuia ni ya siku 37, ya msingi, na ndiyo iliyokuwa mpaka wa faida yetu.

Kuna jambo la mwanya ambalo vitini hulitaja kwa mstari mmoja na ambalo huleta ugomvi kwenye kiwanja. Mwanya mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Tukirudi kwenye mpango wa kwanza, wa siku 44, fundi wa kuchomelea ana mwanya wa siku 14, na anayefunga madirisha ana mwanya wa siku 6. Mtu akisoma haraka ataona siku 20 za kuchezea. Lakini wawili hao wako kwenye njia moja. Fundi wa kuchomelea akimaliza siku ya 30 badala ya 22, hajamsumbua mtu, kwa sababu kabla ya siku ya 30 paa halipo. Siku hizo 8 ni zake peke yake, nazo huitwa mwanya huru. Akivuka hapo, kila siku anayochelewa anamla mwenzake. Akileta mzigo siku ya 36, ametumia siku zake zote 14 kihalali, mradi haujachelewa, lakini mfungaji amebaki na sifuri, na yeye ndiye atakayelaumiwa siku ya 40. Msimamizi mwema humwambia kila fundi mwanya wake huru, na ule wa pamoja anaushika mwenyewe.

Kosa dogo linalochanganya majibu ni la kuhesabu siku. Tumeanza na 0, tukimaanisha mwisho wa siku: A inakwisha jioni ya siku ya 2, C inaanza kutoka hapo, yaani asubuhi ya siku ya 3 kwa kalenda. Vitini vingine huanza na 1, na kanuni yake ni EF = ES + siku - 1, na shughuli inayofuata huanza siku moja baada ya EF. Zote mbili ni sahihi na zinatoa njia nyeti ile ile. Ukizichanganya kwenye mchoro mmoja, utajikuta umeongeza au umepunguza siku moja kwa kila shughuli, na hutaona ilikotoka. Angalia mwalimu wako au programu unayotumia inaanza na ngapi, kisha ushikilie hiyo hiyo.

Mwisho, kuna kitu ambacho mchoro huu hauoni kabisa: watu. Unasema lipu na kufunga madirisha vinaweza kwenda sambamba kuanzia siku ya 30, kwa kuwa vyote vinasubiri paa tu. Lakini kijijini huenda fundi ni mmoja kwa kazi zote mbili. Akianza na lipu, inakwisha siku ya 39, madirisha yanafungwa hadi siku ya 42, rangi inakwisha 46, na darasa linakabidhiwa siku ya 47. Siku tatu zimeongezeka, wala hakuna aliyezembea. H, iliyokuwa na mwanya wa siku 6, imeingia kwenye njia nyeti kwa sababu ya mikono miwili ya mtu mmoja. Tiba yake ni kuchora mshale mwingine kutoka G kwenda H na kupiga hesabu upya, au kutafuta fundi wa pili kwa siku hizo tatu na kurudi kwenye siku 44. Vivyo hivyo fedha zikiletwa kwa awamu: kama awamu ya pili inafika siku ya 20, kazi inayoitegemea haiwezi kuanza siku ya 16 hata mchoro useme nini, na tarehe hiyo ya fedha inapaswa kuandikwa kama shughuli yenye siku zake.

Kwa hiyo, wewe uliye mjumbe wa kamati ya ujenzi, siku utakapoombwa kuidhinisha malipo ya ziada ili kazi fulani iende haraka, muombe msimamizi akuonyeshe safu ya mwanya. Kama kazi hiyo ina mwanya wa siku 7 kama msingi wetu, usiidhinishe. Ulizia matofali yamefikia wapi.